Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi: Swichi ya Tabaka la Tatu Mbele ya Ruta ya Intaneti Mpakani Busia

Chanzo cha mkanganyiko

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipofunguliwa rasmi mwezi Februari 2018, kazi ya wakala wa forodha katika mpaka wa Kenya na Uganda imezidi kuegemea kompyuta, kwa kuwa tamko la mzigo huingizwa katika mifumo ya mamlaka za mapato kabla lori halijafika langoni, na ofisi iliyokatikiwa na intaneti kwa nusu saa huona foleni ya madereva mlangoni pake. Ofisi za namna hiyo zinapokua hununua swichi ya tabaka la tatu, yaani swichi ambayo, mbali na kuunganisha kompyuta kwa kebo kama swichi ya kawaida, inaweza pia kusoma anwani ya aipii ya kila pakiti na kuamua ielekezwe wapi. Mkanganyiko huanzia hapo, kwa sababu sasa vifaa viwili, swichi hiyo na ruta iliyopokea faiba ya mtoa huduma, vina uwezo wa kuelekeza pakiti, na haieleweki mara moja kipi kikiambie kingine njia ipi.

Dalili yake ni ileile karibu kila mara. Fundi huingiza njia chaguo-msingi kwenye swichi, hujaribu kuifikia anwani ya 8.8.8.8 akiwa ndani ya swichi yenyewe, hupata majibu, hufunga mfuko wake na kuondoka. Asubuhi yake karani aliye dirishani hafungui ukurasa hata mmoja. Wanaoitwa kurekebisha hutoa ushauri wa aina tatu unaopingana: wa kwanza husema uelekezaji wote urudishwe kwenye ruta, wa pili husema swichi ibaki na njia chaguo-msingi pamoja na njia tuli chache, na wa tatu husema njia za kuandika kwa mkono zimepitwa na wakati na kwamba vifaa viachwe vifundishane njia vyenyewe. Kila ushauri una hoja yake, lakini hauwezi kupimwa kabla ya kuelewa kwa nini jaribio la fundi lilifaulu huku kazi ya karani ikishindikana.

Istilahi na mfano

Njia tuli ni agizo linaloandikwa kwa mkono, likisema kwamba pakiti ziendazo kwenye mtandao fulani zikabidhiwe kituo fulani kinachofuata. Njia chaguo-msingi ni njia tuli ya namna ya pekee, inayosema kwamba pakiti yoyote isiyo na agizo mahususi zaidi ipelekwe kwa kituo hiki. Ndiyo maana huandikwa kwa sufuri tupu, kwa kuwa haitaji mtandao wowote na hivyo huikubali kila anwani. Kanuni inayotawala yote ni moja: pakiti ikilingana na njia kadhaa, hufuatwa ile iliyo mahususi zaidi, kwa hiyo agizo la mtandao wa biti 24 hulishinda la biti 16, na lolote kati ya hayo huishinda njia chaguo-msingi.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, ofisi ya uwakala yenye makao mjini Busia, tawi Malaba kwenye kivuko cha reli na barabara, na ghala dogo la samaki Port Victoria. Busia kuna mitandao pepe mitatu, ambayo kwenye skrini ya swichi huitwa VLAN: ya makarani 10.20.10.0, ya wahasibu 10.20.20.0 na ya kamera 10.20.30.0. Malaba inatumia 10.20.64.0, na Port Victoria 10.20.80.0. Matawi hayo mawili yanafika Busia kwa viungo vya kukodi vinavyoingia moja kwa moja kwenye swichi, vyenye anwani 10.20.1.2 upande wa Malaba na 10.20.1.6 upande wa Port Victoria, na kebo fupi inaiunganisha swichi, yenye anwani 10.20.0.2, na ruta yenye anwani 10.20.0.1. Kwenye swichi za kampuni ya Cisco, ambazo lugha yake ya maagizo imeigwa na watengenezaji wengi, kazi ya upande wa swichi, milango ya mitandao pepe na ya viungo vya matawi ikiwa imekwisha pewa anwani zake, huandikwa hivi:

```
ip routing
interface GigabitEthernet1/0/24
 no switchport
 ip address 10.20.0.2 255.255.255.252
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.20.0.1
ip route 10.20.64.0 255.255.255.0 10.20.1.2
ip route 10.20.80.0 255.255.255.0 10.20.1.6
```

Mstari wa kwanza ndio unaoigeuza swichi kuwa mwelekezaji, na pasipo huo mistari ya njia haifanyi kazi inayotarajiwa. Wengi huandika badala yake `ip default-gateway`, agizo linalofanana kwa jina lakini lenye kazi nyingine kabisa: hilo huihudumia swichi yenyewe tu pale uelekezaji ulipozimwa, ili msimamizi aweze kuifikia kutoka mbali, na swichi hulipuuza mara uelekezaji unapowashwa. Mitandao ya 10, 20 na 30 haihitaji njia tuli, kwa kuwa swichi ina anwani ndani ya kila mmoja wayo na hivyo inaijua kwa kugusana nayo. Anayemiliki swichi ndogo hana budi kusoma mipaka yake kabla ya kuanza: Catalyst 2960, kwa mfano, hukubali njia tuli 16 tu, tena baada ya kubadilishiwa mgao wa kumbukumbu na kuwashwa upya, na mlango wake hauwezi kupewa anwani ya aipii moja kwa moja, hivyo kiungo cha kwenda kwenye ruta hulazimika kupewa mtandao pepe wake.

Kwa nini jaribio lilifaulu na kazi ikashindikana

Swichi inapojaribu kuifikia 8.8.8.8 hutumia kama anwani ya mtumaji ile ya mlango unaotazamana na ruta, yaani 10.20.0.2. Ruta inaijua anwani hiyo, kwa sababu imeunganishwa nayo kwa kebo, na hivyo jibu likirudi kutoka nje hujua pa kulipeleka. Kompyuta ya karani, tuseme 10.20.10.15, imo katika mtandao ambao ruta haijawahi kuambiwa kwamba upo. Pakiti yake hutoka vizuri, hubadilishiwa anwani ya ndani kwa anwani ya umma, hufika na hujibiwa. Lakini jibu linaporudi na kurejeshewa anwani ya 10.20.10.15, ruta hutafuta njia ya mtandao huo katika jedwali lake, haioni, na kwa utiifu kamili hufuata njia yake chaguo-msingi, ambayo inaelekea kwa mtoa huduma. Jibu la karani hurudishwa lilikotoka na kutupwa huko.

Kwa hiyo kasoro haimo kwenye swichi, ambako kila mtu hutazama, bali kwenye ruta, na dawa yake ni mstari mmoja:

```
ip route 10.20.0.0 255.255.0.0 10.20.0.2
```

Mstari huu unaiambia ruta kwamba kila kinachoanza na 10.20 kiko nyuma ya swichi. Njia ya kwenda iliyoandikwa upande mmoja haizai njia ya kurudi upande wa pili, na hili ndilo jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipitia haraka kuliko linavyostahili. Hali ni hiyohiyo kwa Malaba na Port Victoria: kila tawi lazima liwe na njia yake chaguo-msingi inayoelekea Busia, la sivyo maombi yatafika ghalani na majibu hayatatoka.

Kuna namna mbili za kuutambua ugonjwa huu bila kubahatisha. Ya kwanza ni kurudia jaribio kwa jina la karani, yaani kuilazimisha swichi itumie anwani ya mtandao wa makarani:

```
ping 8.8.8.8 source Vlan10
```

Likishindwa hili huku jaribio la kawaida likifaulu, tatizo liko katika njia ya kurudi au katika ubadilishaji wa anwani. Namna ya pili hutenganisha hayo mawili: kompyuta ya karani ikiwa inajaribu kutoka, hutazamwa kwenye ruta jedwali la `show ip nat translations`. Mstari wenye 10.20.10.15 ukionekana, pakiti ilitoka na kinachokosekana ni njia ya kurudi. Usipoonekana, inaelekea kwamba orodha ya mitandao inayoruhusiwa kubadilishiwa anwani iliandikwa kabla swichi haijaja, na mtandao wa makarani haumo. Njia na orodha hiyo ni mambo mawili yasiyosaidiana, na kurekebisha moja hakurekebishi la pili.

Hoja ya kurudisha kila kitu kwenye ruta

Wanaopendekeza uelekezaji wote ubaki kwenye ruta wana hoja ya kweli, kwamba palipo na jedwali moja hapana njia ya kurudi ya kusahauliwa, na kwamba vizuizi vya usalama na ubadilishaji wa anwani hukaa mahali pamoja. Kwa ofisi ya kompyuta sita, hoja hiyo inatosha kumaliza mjadala.

Udhaifu wake huonekana panapoingia kamera na seva ya faili. Karani wa mtandao wa 10 akifungua faili iliyo kwenye mtandao wa 20, pakiti hupanda kwenye kebo moja hadi ruta na kushuka kwenye kebo ileile, hata kama vifaa vyote viwili vimechomekwa kwenye swichi moja, na ruta ndogo, ambayo kwa kawaida huipitisha kila pakiti kwenye kichakataji chake, hulemewa. Swichi ya tabaka la tatu huifanya kazi hiyo kwa maunzi yaliyoundwa kwa ajili yake, kwa kasi ya milango yenyewe. Zaidi ya hapo, ruta ikizimika au ikipelekwa kutengenezwa, ofisi iliyoegemea ruta hupoteza hata mawasiliano ya ndani, ilhali iliyoegemea swichi hupoteza intaneti peke yake na wahasibu huendelea na kazi. Hata hivyo ruta haiwezi kuondolewa, kwa kuwa swichi nyingi za aina hii hazina uwezo wa kubadilisha anwani za ndani kuwa za umma, na pasipo ubadilishaji huo anwani za 10 hazijibiki kwenye intaneti.

Hoja ya njia tuli, na duara lililojificha ndani yake

Njia tuli zina faida ya kusomeka: mistari mitatu kwenye swichi na mmoja kwenye ruta huonyesha mtandao mzima, na fundi mpya huuelewa kwa dakika chache. Lakini mpangilio uliokwisha elezwa, pamoja na usahihi wake, una kasoro ambayo haionekani hadi kitu kiharibike.

Ruta imeambiwa kwamba kila anwani ya 10.20 iko kwenye swichi, na swichi imeambiwa kwamba kila isichokijua kiko kwenye ruta. Sasa kompyuta moja itume pakiti kwa 10.20.99.5, anwani isiyo ya mtu yeyote, labda kwa sababu printa ya zamani iliyokuwa na anwani hiyo ilikwisha ondolewa. Swichi haina njia ya 99, hivyo huipeleka kwenye ruta. Ruta huona 10.20 na kuirudisha kwenye swichi. Swichi huipeleka tena. Kila pakiti huzaliwa na hesabu ya uhai inayopungua kwa moja katika kila kifaa kinachoielekeza, na kompyuta za Windows huanza na 128, kwa hiyo pakiti moja inaweza kuvuka ile kebo fupi zaidi ya mara mia moja kabla ya kufa. Ufuatiliaji wa njia huonyesha jambo hilo waziwazi, kwa anwani mbili zinazopokezana:

```
tracert -d 10.20.99.5
 1  10.20.10.1
 2  10.20.0.1
 3  10.20.0.2
 4  10.20.0.1
 5  10.20.0.2
```

Printa moja haitaiangusha ofisi. Hatari kubwa huja kiungo cha Malaba kinapokatika na mlango wake kwenye swichi ukazimika, kwa sababu hapo swichi hulitoa agizo la 10.20.64.0 kwenye jedwali lake, na trafiki yote iliyokuwa ikienda Malaba, ikiwemo ile ya kamera zinazojaribu kujiunganisha upya bila kukoma, huangukia njia chaguo-msingi na kuingia kwenye duara hilo. Makarani wa Busia huona intaneti ikisuasua, humpigia simu mtoa huduma, na faiba ya mtoa huduma haina kosa lolote.

Dawa ni kuiwekea swichi njia ya kutupa, yaani agizo la biti 16 linaloelekea mlango usiokuwepo:

```
ip route 10.20.0.0 255.255.0.0 Null0
```

Kwa kanuni ya umahususi, mitandao halisi ya biti 24 hulishinda agizo hili na kuendelea kama kawaida, nalo huishinda njia chaguo-msingi, hivyo anwani ya 10.20 isiyo na mwenyewe hutupwa palepale badala ya kuzungushwa. Mstari huu hausahihishi kiungo kilichokatika, lakini huzuia ajali ya Malaba isiwe ajali ya Busia, na mpangilio wowote wenye njia ya jumla kwenye ruta na njia chaguo-msingi kwenye swichi unapaswa kuhesabiwa haujakamilika hadi uwe nao.

Inafaa kuongezwa kwamba njia huelekezwa kwa anwani ya kituo kinachofuata na si kwa jina la mlango pekee. Swichi iliyoambiwa kwamba intaneti iko kwenye mlango wa 24 huchukulia kwamba kila anwani ya dunia imo kwenye kebo hiyo na huuliza kwa sauti ni nani mwenye kila moja. Ruta zingine hujibu kwa niaba, na hivyo mpango huonekana kufanya kazi hadi ruta ibadilishwe kwa nyingine isiyojibu.

Hoja ya njia zinazojifunza zenyewe

Ushauri wa tatu hutegemea udhaifu wa kweli wa njia tuli, nao ni kwamba njia hiyo hutoweka tu pale mlango wake unapozimika. Kiungo cha kukodi mara nyingi huishia kwenye kisanduku kidogo kinachogeuza mwanga wa faiba kuwa umeme wa kebo, na faiba ikikatwa na watengeneza barabara kilomita kadhaa mbele, kisanduku hicho bado kinaweza kuendelea kuwasha taa upande wa swichi. Swichi huamini kwamba njia ni nzima na huendelea kuzimimina pakiti shimoni. Itifaki kama OSPF, ambayo kwayo vifaa husalimiana kila baada ya sekunde chache na kupashana habari za mitandao, ingegundua ukimya na kuiondoa njia hiyo.

Swali la kuulizwa hapa ni habari hiyo ingemsaidia nani. Katika mfano huu Malaba ina kiungo kimoja na Port Victoria ina kimoja. Hakuna njia ya pili ya kugeukia, na kujua mapema kwamba ya kwanza imekufa hakufikishi pakiti hata moja. Gharama, kwa upande mwingine, ni ya hakika: vifaa vya matawi lazima viijue itifaki hiyo, baadhi ya swichi huhitaji leseni ya juu zaidi, na anayeitwa usiku kutengeneza lazima aielewe. Itifaki hizi huanza kulipa pale matawi yanapounganishwa yenyewe kwa yenyewe, kiasi kwamba Port Victoria inaweza kufika Busia kwa kupitia Malaba, au mitandao inapozidi idadi ambayo mtu anaweza kuisoma kwa jicho moja.

Mahali pa njia ya akiba

Hali ya pekee ambayo mfano huu unahitaji ugunduzi wa kifo ni ile ya intaneti yenyewe, endapo ofisi imeongeza modemu ya simu kama akiba ya faiba. Wengi huuweka uamuzi huo kwenye swichi, ambako haufai ikiwa faiba na modemu zote zimeingia kwenye ruta moja: swichi huiona ruta tu, na ruta ni nzima. Uamuzi uwekwe penye milango miwili ya nje, kwa njia ya akiba yenye kiwango cha kuaminika kilicho dhaifu zaidi, na kwa kipimo kinachoijaribu faiba kila sekunde kumi:

```
ip route 8.8.8.8 255.255.255.255 203.0.113.1
ip sla 1
 icmp-echo 8.8.8.8
 frequency 10
ip sla schedule 1 life forever start-time now
track 1 ip sla 1 reachability
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 203.0.113.1 track 1
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 192.168.8.1 250
```

Hapa 203.0.113.1 inasimama badala ya anwani ya mtoa huduma, na 192.168.8.1 ni modemu. Njia tuli ya kawaida hubeba kiwango cha 1, na ya akiba imepewa 250, kwa hiyo hukaa kando hadi ya kwanza iondolewe. Mstari wa juu kabisa ndio unaosahaulika: unaifunga anwani ya kipimo kwenye faiba peke yake, kwani bila huo faiba ikifa kipimo kitapita kwenye modemu, kitafaulu, kitaitangaza faiba kuwa hai, na njia zitabadilishana bila kukoma. Bei yake ni kwamba 8.8.8.8 haitafikika wakati wa akiba, hivyo kompyuta zisiitegemee hiyo pekee kwa kutafsiri majina ya tovuti. Orodha ya ubadilishaji wa anwani nayo lazima iandikwe kwa milango yote miwili ya nje.

Mpakani kuna jambo la nyongeza. Minara ya Uganda husikika vizuri ndani ya Busia na Malaba ya Kenya, na modemu iliyoachwa ichague mtandao yenyewe inaweza kunasa wa ng'ambo, ikaonyesha taa ya kijani huku data ikizuiwa au ikitozwa kama ya msafiri. Uchaguzi wa mtandao kwenye modemu hiyo ufungwe kwa mkono kwenye kampuni yenye laini yake.

Uzito wa kila hoja

Kwa ofisi ya ukubwa ulioelezwa, ushauri wa pili ndio wenye uzito: swichi ielekeze mitandao ya ndani, ruta ibaki na kazi ya nje, na njia chache za kuandika kwa mkono ziviunganishe vifaa hivyo viwili. Uzito huo hudumu kwa masharti kwamba ruta imepewa njia ya kurudi, orodha ya ubadilishaji imepanuliwa, na njia ya kutupa imewekwa kwenye swichi. Mpangilio wa kazi nao una maana: njia ya kurudi iandikwe kwenye ruta kwanza, ikifuatwa na maagizo ya swichi, na kompyuta zihamishiwe lango jipya mtandao mmoja baada ya mwingine, kuanzia ule wa kamera, ambao kukatika kwake kwa dakika kumi hakusimamishi lori. Kila mtandao upimwe kwa anwani yake wenyewe kabla ya kuhamia unaofuata, kisha kebo ya Malaba ing'olewe kwa makusudi saa ya jioni, na pakiti moja ya kwenda 10.20.64.0 ifuatiliwe ionekane inakofia. Ikifia kwenye swichi, usanidi uhifadhiwe kwa `write memory`, kwa maana umeme wa mpakani hukatika, na swichi iliyowaka upya hukumbuka kile tu kilichohifadhiwa.